Kikombe cha Maji Juu ya Karai Linalowaka

Zaidi ya robo tatu ya uzito wa kiazi mviringo ni maji. Mkaangaji wa chipsi anapomimina beseni la viazi vilivyokatwa ndani ya karai, anachomimina ni maji zaidi kuliko wanga, na mafuta yanayoyapokea yana joto la nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, joto linalopita kwa mbali lile la maji kuchemka. Hata hivyo karai halilipuki. Linatoa povu, linanguruma, linatulia taratibu, na baada ya dakika chache chipsi zinaopolewa zikiwa zimeiva. Jioni hiyohiyo, kwenye karai lilelile, kikombe kimoja cha maji kinaweza kurusha moto hadi kwenye paa na kumuunguza kila aliyesimama karibu. Ukielewa kwa nini maji ya kwanza hayadhuru na ya pili yanaua, utajua pia la kufanya karai likishika moto.

Tuanze na maji ya kiazi. Yamefungiwa ndani ya kiazi, na hayawezi kutoka yote kwa mpigo. Joto la mafuta huanza kuyafikia ya nje, yanageuka mvuke, mvuke unapenya kwenye vitundu vidogo vya kiazi na kupanda juu kama mapovu. Yale ya ndani yanasubiri zamu. Mapovu yote unayoyaona chipsi zikikaangwa ni mvuke wa maji unaotoroka kidogo kidogo, na mapovu yakipungua ndipo mkaangaji anajua zimekaribia kuwa tayari.

Maji hayo yana kazi nyingine ambayo wengi hatuioni. Kuyageuza maji kuwa mvuke kunakula joto jingi sana. Joto la kukigeuza mvuke kikombe cha maji ambacho tayari kinachemka ni zaidi ya mara sita ya lile lililotumika kukichemsha kutoka ubaridi wa mtungini. Joto hilo linachotwa kutoka kwenye mafuta. Ndiyo maana mkaangaji akizidisha viazi kwa mkupuo mmoja mafuta hupoa, na chipsi zinatoka zimelegea na kunywa mafuta. Maadamu kuna chakula kinachotoa mapovu, mafuta yana breki, na mkaa ulio chini hata ukiwa mkali hauyafikishi mbali.

Hatari inaanza chipsi zikishaopolewa. Wakati huo hakuna tena kinachochota joto, lakini mkaa unaendelea kuwaka vilevile. Chukua karai lenye lita tatu za mafuta juu ya jiko la mkaa uliokolea. Mkaangaji anageuka kumfungia mteja chipsi, anakata kachumbari, anatafuta chenji, anapokea simu. Kwa moto wa namna hiyo, mafuta yanaweza kupanda kutoka nyuzi 180 hadi karibu na 360 katika muda wa kama robo saa, wakati mwingine chini ya hapo. Jikoni nyumbani mambo ni yaleyale: moto wa mafuta kwa kawaida hautokei mpishi akiwa anakaanga, bali akiwa ameyaweka mafuta yapate moto, au amemaliza kukaanga, kisha akaenda kumwangalia mtoto.

Mafuta hayawaki bila kutoa taarifa. Kwanza uso wake unaanza kucheza kwa viwimbi vyepesi. Yakikaribia nyuzi 220 au 230, mafuta safi ya alizeti au mawese yaliyosafishwa kiwandani yanaanza kutoa uzi mwembamba wa moshi. Hapo bado kuna nafasi: zima jiko, au kama ni mkaa, epua karai taratibu ukiwa na vitambaa vikavu mikononi, kwa kuwa bado halijawaka. Ukichelewa, moshi unakuwa mzito, unawasha macho na kukaba koo. Mafuta yakipita nyuzi 300, moshi huo unaweza kudakwa na ulimi wa moto unaopanda pembeni mwa karai. Na yakifika kati ya nyuzi 360 na 400 hivi hayahitaji hata ulimi huo, yanajiwasha yenyewe yakigusana na hewa.

Viwango hivi ni vya mafuta mapya. Mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi, yale meusi yenye harufu nzito ambayo vibanda vingi huyaongezea mapya juu bila kuyamwaga, yamekwisha kuvunjikavunjika. Yanatoa moshi mapema na yanawaka mapema. Anayejitetea kwamba amekaangia kwenye jiko hilo miaka mingi bila tatizo aangalie kwanza rangi ya mafuta yake.

Sasa karai limewaka. Ni muhimu kuelewa ni kitu gani hasa kinachoungua, kwa sababu macho yanatudanganya. Mafuta yenyewe, yale ya majimaji karaini, hayaungui. Kinachoungua ni mvuke wa mafuta unaopanda kutoka juu yake na kuchanganyika na oksijeni ya hewa. Moto umekaa juu, mafuta yako chini, na joto la moto linayalazimisha mafuta kutoa mvuke zaidi, ambao nao unaulisha moto. Kwa hiyo una matatizo mawili kwa wakati mmoja: miali unayoiona, na joto lililojificha ndani ya mafuta ambalo huwezi kuliona. Ukiitoa miali bila kulishughulikia joto, moto utarudi.

Maji yamejijengea heshima kwa sababu kwenye kuni, nguo na godoro yanatatua yote mawili. Yanapenya ndani ya kitu, yanakipoza hadi kisiweze kutoa gesi inayowaka, na mvuke wake unaisukuma hewa pembeni. Lakini kuni hunyonya maji, mafuta hayanyonyi. Maji ni mazito kuliko mafuta. Lita moja ya maji ina kilo moja, lita ya mafuta ya kula ina gramu 920 hivi yakiwa ya baridi, na yakiwa ya moto kiasi cha kuwaka yamevimba hadi lita moja haina zaidi ya gramu 700 na kitu. Kwa hiyo maji yakimwagwa hayakai juu ambako moto uko. Yanazama.

Yafuate maji hayo yanakokwenda. Kikombe kimoja, tuseme robo lita, kinamiminwa kutoka juu. Machache yanageuka mvuke palepale yanapougusa uso wa mafuta. Mengine yanatoboa na kushuka, yakivunjika kuwa matone na mabonge, hadi yamezungukwa pande zote na mafuta ya nyuzi 360 na kitu, na chini yake kuna chuma cha karai kilicho cha moto zaidi. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100, na hapa hayana vitundu vya kiazi vya kuyazuia yasitoke yote kwa mara moja. Joto nalo halikosekani: lita tatu za mafuta yaliyofika hapo zina joto la ziada linalotosha kugeuza zaidi ya vikombe viwili vya maji kuwa mvuke mtupu. Katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, sehemu kubwa ya maji yale inaacha kuwa maji.

Kugeuka huko ndiko kiini cha jambo lote, kwa sababu mvuke unahitaji nafasi ambayo maji hayakuihitaji. Ndani ya maji molekuli zimebanana zikigusana. Zikiwa mvuke kila moja inaruka peke yake na kuzisukuma nyingine mbali. Maji ya ujazo wa kijiko kimoja yakiwa mvuke wa nyuzi 100 yanataka nafasi ya vijiko 1,700 hivi. Mvuke huo ukipashwa hadi joto la mafuta yanayowaka, nafasi inakaribia vijiko 2,900. Rudi kwenye kikombe chetu cha robo lita: hata tukikadiria kwa nyuzi 100 tu, yakigeuka yote yanadai nafasi ya zaidi ya lita 420, yaani mapipa mawili ya lita 200 yaliyojaa mvuke. Mapipa hayo mawili yanazaliwa chini ya lita tatu za mafuta, ndani ya karai, kwa muda usiofika sekunde.

Mvuke haupati njia ya kutokea isipokuwa kupitia mafuta yaliyoufunika. Unayainua na kuyarusha, na ukiwa unayarusha unayachana vipande vipande. Hapa pana jambo ambalo mtu asiyelijua hawezi kuelewa kwa nini moto unakua kwa ghafla vile, maana maji hayaungui na mvuke wake hauungui. Kinachobadilika ni umbo la mafuta. Yakiwa karaini, hewa inayafikia kwa juu tu, kwenye duara la karai. Yakichanwa kuwa matone madogo, kila tone linazungukwa na hewa pande zote. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kikigawanywa kuwa matone yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita kinapata uso wa karibu mita moja ya mraba, upana wa kutosha kutandika meza ndogo. Karai haliachii kijiko kimoja, linaachia vijiko kadhaa au zaidi. Na matone hayo hayahitaji kupashwa moto, yameondoka karaini yakiwa tayari na joto la kujiwasha, na yanapita katikati ya miali. Yanaungua karibu yote kwa pamoja.

Vikosi vya zimamoto katika nchi nyingi huonyesha jambo hili hadharani. Askari aliyevaa mavazi kamili anasimama mbali na kufunga kikombe cha maji kwenye ncha ya mti mrefu, kisha anakiinamisha juu ya sufuria ya mafuta yanayowaka. Mpira wa moto unaruka mita kadhaa juu na kutanuka pembeni, halafu unapotea ndani ya sekunde chache. Onyesho hilo hufanyika uwanjani kwa sababu maalumu. Kwenye kibanda chenye paa la bati la chini, au jiko la chumba kimoja, mpira huo ukigonga juu hauna pa kwenda ila kusambaa kando na kushuka, na aliyemwaga maji amesimama umbali wa mkono wake mwenyewe. Paa likiwa la makuti, au pazia likiwa jirani, sekunde hizo chache zinatosha kuwasha kitu ambacho hakitazimika chenyewe.

Nimesikia watu wakibishana kwamba tatizo ni maji kuwa machache, na kwamba ndoo nzima ingeuzima moto kabla haujaruka. Ndoo nzima inafanya mambo mawili mabaya badala ya moja. Maji ya mwanzo yanalipuka kama nilivyoeleza, na yale yanayofuata yanajaza karai kutoka chini na kuyaelesha mafuta yanayowaka hadi yafurike ukingoni, yamwagike kwenye mkaa, sakafuni na miguuni. Mlipuko hauhitaji hata kikombe kizima: kijiko kimoja kikipata njia ya kuzama kinatosha kurusha mafuta usoni. Ndiyo maana hata kabla ya moto kutokea, mwiko uliotoka kusuuzwa, samaki asiyekaushwa vizuri na chipsi zenye barafu ni vitu vya kuogopwa karibu na karai. Maji ya juu ya kiazi hayakufungwa kama yale ya ndani. Yakiwa mengi, povu linapanda kwa kasi na kufurika, na kwenye jiko la mkaa povu hilo likigusa makaa ndilo linaloanzisha moto. Kausha viazi kwa kitambaa au viache vichuje, na usijaze mafuta kupita nusu ya karai.

Basi moto unazimwaje? Kwa kuunyima hewa, na kwa kuacha joto lipungue lenyewe. Kifaa bora ni mfuniko wa chuma ulio mpana kuliko mdomo wa karai. Sinia zito la chuma linafaa. Mfuniko wa kioo unaweza kupasuka kwa joto, na wa plastiki haufai kabisa. Kama ni gesi au umeme na unaweza kufikia kitufe bila kupitisha mkono juu ya miali, zima kwanza. Kama huwezi, funika kwanza kisha uzime.

Namna ya kufunika ina umuhimu wake. Usiutupe mfuniko kutoka juu, kwa kuwa ukianguka unasukuma hewa na unaweza kurusha mafuta. Ushike umeusimamisha mbele yako kama ngao, mikono ikiwa nyuma yake, gusisha ukingo wa chini wa mfuniko kwenye ukingo wa karai ulio upande wako, kisha ulaze taratibu kuelekea mbele. Hapo miali inainamishwa kwenda upande wa pili, si kukujia wewe. Mfuniko ukishakaa, hewa iliyobaki chini yake ni kidogo, moto unaitumia haraka na kufa. Haihitajiki oksijeni iishe yote. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni, na ikishuka kufika karibu 15 miali mingi inashindwa kuendelea.

Baada ya hapo kuna kosa moja ambalo huharibu kazi yote nzuri, nalo ni kufunua ili kuchungulia. Miali imekufa, lakini mafuta bado yana joto lilelile la kujiwasha, na chini ya mfuniko kumejaa mvuke wa mafuta unaosubiri oksijeni tu. Ukifunua baada ya dakika mbili unailetea hewa, na moto unarudi usoni mwako bila kiberiti. Lita tatu za mafuta hazipoi upesi. Kwenye jiko la gesi lililozimwa, liache karai lilipo bila kuligusa kwa nusu saa angalau, na saa nzima ni bora. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na ubavu wa karai bila kuligusa: kama bado unahisi joto likikupiga, muda haujafika.

Jiko la mkaa lina ugumu wake, na maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa majiko ya umeme hayaugusi. Huwezi kulizima kwa kitufe. Ukishafunika, makaa yanaendelea kupasha mafuta kutoka chini, na kusubiri kunakuwa kurefu zaidi. Funga kimlango cha hewa cha jiko kama unaweza kukifikia salama, ili makaa yafifie. Usimwagie makaa maji wakati karai liko juu yake, kwa sababu majivu na matone yanayoruka yanatua palepale ulipokuwa unapaepuka. Na usiliepue karai linalowaka. Najua msukumo wa kulitoa nje ni mkubwa, hasa kibanda kikiwa cha mbao. Lakini ukitembea nalo, hewa unayoikata inairudisha miali kifuani na mikononi mwako, mafuta yanacheza, mkono unaungua, na karai linaachiwa katikati ya njia. Hapo moto uliokuwa na duara la karai umepata sakafu nzima.

Kuna mkanganyiko ambao natamani uondoke katika nyumba zetu. Katika mafunzo mengi ya usalama wa gesi, watu huonyeshwa mtungi unaowaka ukizimwa kwa kufunikwa na blanketi au taulo lililoloweshwa maji. Kwa mtungi jambo hilo lina maana, kwa kuwa kinachowaka ni gesi inayotoka mdomoni mwa mtungi, na maji yakichuruzika hayana mafuta ya kuzamia. Mtu aliyeona onyesho hilo anafika nyumbani, karai linawaka, anachovya taulo ndani ya ndoo na kulitupa juu ya mafuta likiwa linadondosha. Kilichotokea ni kwamba amemwaga kikombe cha maji akitumia kitambaa. Wataalamu wa zamani walishauri kitambaa kilichokamuliwa hadi kisitoe tone hata moja, na kama huna kitu kingine kabisa, hicho kinaweza kuzima sufuria ndogo. Ila mtu aliyeshikwa na hofu hakamui vizuri, na kwa sababu hiyo mimi nauchagua mfuniko kila mara. Blanketi maalumu la kuzimia moto, lile la nyuzi za kioo, ni zuri kwa kikaango kidogo. Kwenye karai la lita nyingi mafuta ya moto yanaweza kupenya au kuliunguza, na mvuke ukapita na kuwaka juu yake.

Vitu vya unga havifanani hata kama rangi ni moja. Unga wa ngano na wa mahindi usiutupe kwenye moto, kwa sababu ukitawanyika hewani kila punje inazungukwa na oksijeni na inawaka, kwa sheria ileile ya matone ya mafuta. Sukari ni vivyo hivyo. Chumvi na bikaboneti ya soda haziwaki, na zinaweza kuzima moto mdogo wa kikaango, lakini kiasi kinachohitajika ni kikubwa kuliko kopo la jikoni, na kukirusha kunakulazimu ukaribie. Mchanga mkavu unafaa kwa mafuta yaliyomwagika chini kuliko kwa karai lenyewe. Mchanga mbichi ni maji tena.

Mitungi ya kuzimia moto nayo ina tofauti zake. Ile ya maji nimekwisha kuisema. Ile ya gesi ya kaboni inatoa upepo mkali unaoweza kupuliza mafuta nje ya karai, na haiyapozi. Ya unga mkavu inaweza kuikata miali, kisha moto ukarudi mafuta yakiwa bado na joto. Iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kupikia ina alama ya herufi F. Ndani yake kuna mchanganyiko wa maji na chumvi za potasiamu, na unapulizwa kama ukungu laini kupitia bomba refu ili ushuke taratibu juu ya mafuta. Matone hayo ni madogo mno kuweza kuzama, hivyo yanageuka mvuke palepale juu na kuchota joto. Kisha chumvi zile zinaungana na mafuta ya moto na kutengeneza sabuni. Mtu yeyote aliyewahi kuona mama zetu wakichemsha mawese au mafuta ya nazi na magadi makali ili kupata sabuni ameona mgeuko wa aina hiyo. Povu la sabuni linatanda juu ya karai, linauziba mvuke wa mafuta usitoke na hewa isiingie, na linakaa hapo mafuta yakipoa. Hoteli na mabwalo yanayokaanga kwa lita nyingi yanapaswa kuwa na mtungi huu, umetundikwa karibu na mlango, si juu ya jiko ambako moto utakuzuia kuufikia.

Kuna wakati ambapo hutakiwi kuzima chochote. Kama miali imeshika paa au ukuta, kama huna mfuniko unaotosha, au kama moshi umekufanya uiname, toka na wote waliomo, funga mlango nyuma yako ili kuupunguzia moto hewa, na upige simu. Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na Kenya namba za dharura ni 999 na 112.

Mtu akiungua, maji yanarudi kuwa rafiki. Ngozi haina joto la mafuta yanayowaka, na maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida bila barafu, yaliyomwagwa juu ya jeraha kwa dakika 20, yanaondoa joto linaloendelea kuchoma nyama ya ndani. Vua nguo iliyolowa mafuta na bangili au pete kabla mkono haujavimba, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Dawa ya meno, yai, siagi na majivu vinazuia joto lisitoke na vinachafua jeraha. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali, hasa kama ni uso, mikono, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja cha majeruhi, na mtoto mdogo mpeleke hata jeraha likiwa dogo.

Yabaki mafuta yenyewe, ambayo kesho yake yatakuwa yamepoa karaini, na kwa bei ya mafuta ilivyo mtu atashawishika kuyachuja na kuyatumia tena. Mafuta yaliyowaka yamevunjika kuliko hata yale ya wiki nzima ya kukaangia. Yatatoa moshi kabla hayajafika joto la kuivisha chipsi vizuri, na kiwango chake cha kushika moto kimeshuka. Yamwage kwenye dumu la taka, osha karai na kulikausha hadi pasibaki tone la maji, kabla hujatia mafuta mapya.